Shajara ya mradi: kubandika kitu kutoka hati moja hadi nyingine bila rangi kuhama

Wiki ya 1: kosa lenyewe, kwa namba

Programu tunayoishughulikia ni ya kuchora maumbo ya vekta. Kila hati ina profaili yake ya rangi, lakini hadi sasa kunakili na kubandika kulihamisha namba tupu: nyekundu kiasi hiki, kijani kiasi hiki, bluu kiasi hiki. Hati mbili zikiwa na profaili moja hakuna anayegundua lolote. Zikitofautiana, nembo inaingia katika hati mpya ikiwa na rangi nyingine.

Kesi tuliyochagua kupimia ni duara la rangi ya chungwa, 230, 120, 30, lililochorwa katika hati ya sRGB na kubandikwa katika hati ya Adobe RGB (1998). Baada ya kubandika, kidirisha cha rangi bado kinasoma 230, 120, 30. Hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu namba hazijaguswa na bado chungwa limekolea hadi linaumiza macho.

Namba hizo tatu peke yake hazitaji rangi. Zinasema tu ni sehemu gani ya nyekundu, kijani na bluu *za profaili hiyo* itumike. Nyekundu na bluu za sRGB na Adobe RGB ziko mahali pamoja kwenye mchoro wa rangi, na nyeupe yao ni moja, D65. Kinachotofautiana ni kijani: cha sRGB kiko x 0.30, y 0.60, cha Adobe RGB kimesogezwa nje hadi x 0.21, y 0.71. Kijani kikishasogezwa, nguvu za rangi zote tatu hupangwa upya ili 255 tatu zikikutana zitoe nyeupe ileile. Ndiyo maana nyekundu ya 255 ya sRGB inahitaji 219 tu katika Adobe RGB, ingawa nyekundu zenyewe ni za aina moja.

Kwa duara letu, thamani sahihi katika hati ya Adobe RGB ni 205, 119, 43. Zikiachwa 230, 120, 30, rangi inayotajwa haimo kabisa ndani ya sRGB: ukiirudisha huko kwa hesabu, nyekundu inatoka kama 259 kwenye kipimo kinachoishia 255. Skrini ya kawaida itaikata na kuonyesha takriban 255, 121, 4.

Mwelekeo wa kosa unasaidia kulitambua. Kitu kikitoka sRGB kwenda Adobe RGB bila kugeuzwa, kinakolea. Kikitoka Adobe RGB kwenda sRGB bila kugeuzwa, kinapauka. Chungwa letu la 205, 119, 43 likisomwa kama sRGB linaelekea kahawia. Rangi za kijivu, ambazo namba zake tatu ni sawa, karibu hazibadiliki, kwa hiyo kujaribu kwa kitu cheusi na kijivu hakuthibitishi chochote.

Namba za kupimia tunazipata nje ya programu yetu, kwa zana inayokuja na Little CMS, maktaba ya kugeuza rangi, ili tusijisahihishie mtihani wenyewe:

```
transicc -i "*sRGB" -o AdobeRGB1998.icc -t 1
```

Inauliza R, G na B, kisha inatoa matokeo. Alama za nukuu zisisahaulike, la sivyo ganda la amri litaichukulia nyota kama kifupisho cha majina ya mafaili.

Wiki ya 2: profaili isafiri pamoja na kitu

Swali la kwanza lilikuwa: tugeuze rangi wakati wa kunakili au wakati wa kubandika? Wakati wa kunakili haiwezekani, kwa kuwa bado hatujui kitu kinakwenda wapi. Wakati wa kubandika, huenda hati ya chanzo imeshafungwa na profaili yake haipo tena kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo profaili yenyewe, baiti zake zote, inawekwa kwenye ubao wa kunakilia pamoja na maumbo. Kuandika jina lake tu hakutoshi, maana kompyuta inayopokea inaweza kuwa haina faili lenye jina hilo, au ikawa nalo lakini ndani mna kitu tofauti.

Kugeuza kwenyewe ni mistari michache:

```c
cmsHTRANSFORM t = cmsCreateTransform(
    chanzo, TYPE_RGB_DBL,
    lengo,  TYPE_RGB_DBL,
    INTENT_RELATIVE_COLORIMETRIC, 0);
cmsDoTransform(t, rangi, rangi_mpya, idadi);
cmsDeleteTransform(t);
```

Tumetumia `TYPE_RGB_DBL`, yaani namba za desimali kutoka 0 hadi 1, badala ya biti 8. Chungwa letu linakwenda 205, 119, 43 na kurudi 230, 120, 30 salama hata kwa biti 8, lakini hiyo ni bahati ya rangi hiyo. Kitu kinachobandikwa huku na huku mara nyingi hukusanya makosa ya kukadiria, na rangi za giza ndizo huumia mapema. Sasa hati inahifadhi desimali. Kidirisha ndicho kinachokadiria kwa ajili ya kusomwa.

Nia ya kugeuza, ile ya tano kwenye mabano, ilizua mjadala kuliko inavyostahili. Profaili za RGB za aina ya matriksi, kama hizi mbili, hazina jedwali la kubana rangi kwa upole, hivyo kuchagua `INTENT_PERCEPTUAL` hakubadilishi kitu. Rangi iliyo nje ya upeo wa lengo itakatwa tu. Tofauti inaanza kuonekana kwenye profaili za uchapaji, ambazo zina majedwali.

Kilichochukua muda ni jambo lililoonekana dogo: kujua kama profaili mbili ni moja. Kulinganisha maelezo yaliyomo ndani kulianguka siku hiyohiyo, kwa sababu sRGB moja huitwa majina kadhaa kulingana na aliyeitengeneza. Kichwa cha profaili ya ICC kina baiti 128, na kuanzia baiti ya 84 kuna nafasi ya kitambulisho cha MD5 chenye baiti 16. Profaili nyingi za zamani zimeiacha nafasi hiyo sifuri. Tukakikokotoa wenyewe kwa `cmsMD5computeID`, na bado sRGB mbili zinazotoa rangi zilezile zikaonekana tofauti, kwani tarehe ya kutengenezwa nayo imo kwenye hesabu.

Mwishowe tumeweka ukaguzi wa hatua mbili. Vitambulisho vikilingana, tunabandika bila kugeuza. Visipolingana, tunapitisha sampuli 27 (kila mchanganyiko wa 0, nusu na 1) katika profaili zote mbili hadi Lab, nafasi ya rangi isiyotegemea kifaa chochote, na kama hakuna sampuli inayotofautiana kwa zaidi ya 0.5 kwa ΔE, kipimo cha umbali kati ya rangi mbili, tunazihesabu kuwa moja. Bila hatua hii ya pili, mtumiaji angekuwa anaulizwa swali la profaili kila anapobandika kati ya hati mbili za sRGB, na baada ya siku mbili angekuwa anabonyeza kitufe chochote bila kusoma.

Wiki ya 3: picha zilizogeuzwa mara mbili

Taarifa ya hitilafu: maumbo yanabandikwa vizuri, lakini picha iliyomo ndani ya kikundi hichohicho inapauka.

Picha ya JPEG au PNG mara nyingi hubeba profaili yake, na programu huitumia kila inapoichora. Msimbo wetu ulipita kwenye kikundi kizima na kugeuza kila ulichokuta, pikseli za picha zikiwemo, ila profaili iliyo ndani ya picha ikabaki sRGB. Pikseli zilikwishakuwa 205, 119, 43. Programu ikazisoma kama sRGB na kuzigeuza tena. Ni ile rangi ya kahawia ya wiki ya kwanza, imeingia kwa mlango wa nyuma.

Kanuni sasa: picha yenye profaili yake haiguswi. Picha isiyo na profaili ilikuwa ikisomwa kwa profaili ya hati ya chanzo, kwa hiyo inapobandikwa tunaikabidhi profaili hiyo, namba zake zikibaki zilivyo. Tofauti ya maneno haya mawili ni ya kushikwa barabara. Kukabidhi profaili hubadilisha maana ya namba bila kugusa namba. Kugeuza hubadilisha namba ili maana ibaki. Duara linahitaji la pili, picha isiyo na profaili inahitaji la kwanza.

Kitu kinachotoka programu nyingine bila taarifa yoyote ya profaili tunakiingiza na namba zake zilivyo, huku ukanda mdogo chini ya dirisha ukisema hivyo. Kubahatisha sRGB kungekuwa sahihi mara nyingi, na siku isipokuwa sahihi hakuna ambaye angejua pa kuanzia kutafuta.

Wiki ya 4: mipito ya rangi

Hapa tulidhani tumemaliza, na ndipo kazi ilipoanza.

Chukua mstatili wenye mpito kutoka nyekundu kamili, 255, 0, 0, hadi kijani kamili, 0, 255, 0, katika hati ya sRGB. Mpito hauhifadhi rangi zote unazoonyesha. Unahifadhi vituo viwili tu, na zilizo katikati programu inazikokotoa inapochora, kwa kuchanganya namba za hati. Katikati kabisa ni 128, 128, 0, kijani cha zeituni kilichofifia kidogo.

Bandika mstatili huo katika hati ya Adobe RGB na ugeuze vituo vyote viwili kwa usahihi. Nyekundu inakuwa 219, 0, 0. Kijani kinakuwa 144, 255, 60. Ukipima ncha hizo mbili kwa zana yoyote, ni sawasawa na zilivyokuwa. Lakini katikati sasa programu inachanganya 219 na 144 na kupata 182, 128, 30, wakati ile zeituni ya mwanzo, ikigeuzwa ipasavyo, ni 127, 127, 30. Nyekundu imezidi kwa 55. Mpito uliokuwa ukipitia zeituni sasa unapitia rangi ya kahawia ya machungwa, na hakuna namba hata moja kwenye kidirisha inayoonekana kuwa na kosa.

Sababu ni kwamba njia iliyonyooka katika nafasi moja ya rangi ni njia iliyopinda katika nyingine. Tukiongeza kituo cha tatu katikati, 127, 127, 30, hali inakuwa nafuu sana, ila haijakamilika. Kwenye robo tatu ya njia, nyekundu sahihi ni 118, na mchanganyiko wa vituo jirani unatoa karibu 136. Angalia mwendo wa nyekundu hiyo: inaanza 219, inashuka 127, inashuka tena 118, kisha inapanda hadi 144. Hakuna vituo viwili wala vitatu vinavyoweza kuchora bonde la namna hiyo.

Suluhisho ni kugawanya. Kwa kila kipande kati ya vituo viwili, tunakokotoa rangi sahihi na rangi itakayochorwa, tunazipima tofauti kwa `cmsCIE2000DeltaE`, na tofauti ikizidi 1 tunaweka kituo katikati na kurudia kwa kila nusu. Toleo la kwanza lilipima katikati tu. Hilo ni kosa, kwa sababu mkunjo wenye umbo la S hukutana na mstari ulionyooka hapohapo katikati huku ukiachana nao pembeni. Sasa tunapima kwenye robo, nusu na robo tatu.

Kikomo ni mgawanyo wa ngazi 4, yaani kipande kimoja hakiwezi kuzaa vipande zaidi ya 16. Mipito kati ya rangi zinazokaribiana, kama samawati nzito hadi samawati nyepesi, mara nyingi haihitaji kituo cha ziada. Inayosumbua ni ile inayovuka kutoka upande mmoja wa duara la rangi hadi mwingine.

Kuna gharama: mtumiaji aliyechora mpito wa vituo viwili anakuta vituo vingi kwenye kihariri. Tumeviwekea alama ya kuwa vimezalishwa, vinafichwa kwenye kihariri, na vinakokotolewa upya mtumiaji anaposogeza kimojawapo cha vituo vyake halisi.

Wiki ya 5: vitu vinavyopenyeza

Ukishaelewa mpito, uwazi unajieleza. Duara jekundu lenye uwazi wa asilimia 50 juu ya mstatili wa kijani ni hesabu ileile ya katikati ya mpito: 128, 128, 0 katika sRGB, na 182, 128, 30 katika Adobe RGB baada ya kila kitu kugeuzwa kwa usahihi. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kituo cha kuongeza. Rangi ya eneo lililopishana haijahifadhiwa mahali popote.

Njia tuliyochagua inatoka kwenye muundo wa PDF, ambako kikundi cha uwazi kilichotengwa kinaweza kuwa na nafasi yake ya kuchanganyia. Kikundi kilichobandikwa kikiwa na kitu kinachopenyeza, tunakifunga kwenye kikundi kilichotengwa chenye profaili ya chanzo. Vilivyo ndani vinabaki na namba zao za zamani, vinachanganyika kwa hesabu ya zamani, na matokeo ya kikundi kizima ndiyo yanayogeuzwa, mara moja, kuingia kwenye hati.

Mipaka ya njia hii ni miwili. Kwanza, inalinda mchanganyiko wa vitu vya kikundi vyenyewe kwa vyenyewe, hailindi mchanganyiko wa kikundi na mandhari iliyo nyuma yake. Kivuli laini kilichobandikwa juu ya picha ya hati mpya kitachanganyika kwa hesabu ya hati mpya, na hakuna namna nyingine iliyo ya haki, maana picha hiyo haikuwapo kwenye chanzo. Kitu kilichotumia `Multiply` dhidi ya mandhari ndicho kinachoathirika zaidi: kikitengwa, kinaacha kabisa kuchanganyika na kilicho nyuma ya kikundi. Tukikuta hali ya kuchanganya isiyo `Normal` kwenye ngazi ya juu ya kikundi, hatutengi. Tunageuza rangi na kuonya.

Pili, mtumiaji akiingia ndani ya kikundi, kidirisha kinaonyesha namba za sRGB katikati ya hati ya Adobe RGB. Tumeweka jina la profaili kando ya namba. Si suluhisho maridadi, lakini ni la kweli.

Wiki ya 6: CMYK na herufi nyeusi

Hati mbili za CMYK zenye profaili tofauti zinaleta shida ambayo RGB haina. Maandishi meusi kwa kawaida ni 0, 0, 0, 100: wino mweusi peke yake. Ukiyageuza kwa njia ya kawaida, rangi inapita Lab, na Lab haikumbuki ilitoka kwa wino gani. Inayotoka upande wa pili ni nyeusi iliyotengenezwa kwa wino nne. Kwenye skrini ni ileile. Kwenye mashine ya kuchapia, sahani nne zikipishana kwa sehemu ndogo ya milimita, herufi ndogo zinapata kingo za rangi.

Little CMS ina nia maalumu kwa hili, `INTENT_PRESERVE_K_ONLY_RELATIVE_COLORIMETRIC`, yenye namba 11. Rangi zenye wino mweusi pekee zinabaki za wino mweusi, nyingine zinageuzwa kama kawaida. Inafanya kazi CMYK kwenda CMYK tu. Herufi nyeusi za RGB, 0, 0, 0, zikibandikwa kwenye hati ya CMYK bado zingekuwa za wino nne, hivyo kwa maandishi na mistari tunaangalia 0, 0, 0 kabla ya kugeuza na kuiandika moja kwa moja 0, 0, 0, 100.

Kukagua ni rahisi: fungua mwonekano wa sahani mojamoja, zima nyeusi. Maandishi yakipotea yote, sawa. Kukibaki mzuka wa herufi kwenye sahani ya sayani au ya majenta, kuna mahali paligeuzwa vibaya.

Swali linalotokea profaili zikitofautiana limeandikwa upya. Chaguo mbili sasa ni "Geuza namba, mwonekano ubaki" na "Acha namba, mwonekano ubadilike". La kwanza ndilo chaguo-msingi kwa RGB. Kwa CMYK chaguo-msingi ni la pili, kwa kuwa huko mtu aliyeandika asilimia za wino mara nyingi alikusudia asilimia hizo hasa.

Yaliyobaki: sampuli za rangi zenye jina. Kitu kikitumia sampuli iitwayo "Chungwa kuu" na hati ya lengo tayari ina "Chungwa kuu" yenye thamani tofauti, kwa sasa ya lengo inashinda kimyakimya, na kazi yote ya kugeuza inapotea kwa kitu hicho. Rekebisho lililo kwenye majaribio linalinganisha sampuli mbili kwa ΔE baada ya kugeuza: chini ya 1 zinaunganishwa, zaidi ya hapo inayoingia inapewa jina lenye namba nyuma yake.